Jinsi ya kuweka rangi za duka lako kwenye faili la stoku bila kupoteza zile za tahadhari

Mama mdogo ana duka la bidhaa za mkonge pale Ngamiani, Tanga mjini. Anauza vikapu, mikoba, kamba, mazulia ya mlangoni na brashi. Bango lake ni kijani kilichokolea kama jani la mkonge, na maandishi ya rangi ya chungwa la kuwaka, vifungashio vyake hivyohivyo, hata risiti ana mhuri wa kijani. Ila faili lake la stoku lilikuwa na kichwa cha bluu, mistari ya pinki, njano na kijani kibichi, zile rangi za kiwandani zinazokuja na programu. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, hili daftari la kwenye kompyuta kila nikilifungua naona kama la mtu mwingine, na isitoshe siku hizi sijui niangalie wapi, kila kitu kina rangi." Hiyo sentensi ya mwisho ndo kazi yenyewe. Kupaka rangi za duka ni rahisi, shida ni kupaka halafu ile bidhaa iliyoisha bado ikurukie machoni.

Nimetumia LibreOffice Calc kwa sababu ni ya bure na iko kwenye laptopu yake, na pia kwa sababu moja kubwa zaidi: kwenye Calc rangi za masharti, yaani zile zinazobadilika zenyewe kulingana na namba, zinachukuliwa kutoka kwenye staili za seli, yaani mapambo yenye jina unayoyaandaa mara moja na kuvalisha seli unazotaka. Sharti linasema tu "ikiwa hivi, valisha staili fulani". Ukibadilisha staili, kila mahali inapotumika panabadilika hapohapo. Excel haiko hivyo, nitaieleza huko chini.

Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, usiyatafsiri kichwani, yatafute hivyohivyo.

Kwanza jua rangi zako kwa namba

Usikisie rangi kwa macho. Kila rangi ya skrini ina namba ya herufi sita, na ukishaipata unaitumia ileile kwenye faili, kwenye lebo, kwenye picha ya Watsapu, kote. Kama fundi aliyekuchorea bango alikutengenezea kwanza kwenye kompyuta, mwombe lile faili la mwanzo, namba zimo humo. Kama hana, piga picha bango asubuhi au jioni likiwa kivulini, maana jua la saa saba linapausha rangi na utapata chungwa lililokaribia kuwa njano. Fungua picha kwenye programu kama GIMP, bonyeza herufi `O` upate kile kifaa cha kuchukulia rangi, washa `Sample average` ili isichukue nukta moja tu yenye vumbi, kisha gusa sehemu tatu nne za rangi ileile na uchague ya katikati.

Za mama mdogo zilitoka hivi: kijani `1F5C4A`, chungwa `E8862E`.

Hapa ndo watu wengi wanaanza kupaka moja kwa moja na mimi nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza, nikaweka kichwa cha jedwali chungwa na maandishi meupe, kwenye skrini kilipendeza sana, mama mdogo akaweka miwani akashindwa kusoma neno "Iliyopo". Kuna kipimo cha hili jambo, kinaitwa uwiano wa kutofautiana kwa mwanga kati ya maandishi na kinachoyabeba. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida. Meupe juu ya lile chungwa ni kama 2.7 tu. Nikasema basi niweke kijani cha duka juu ya chungwa, si ndo rangi zetu mbili, nayo ikatoka 2.9, bado haisomeki vizuri ingawa kwenye bango kubwa la ukutani inapendeza. Meupe juu ya kijani ikatoka 7.8, hiyo safi kabisa. Kwa hiyo jibu likawa limejitokeza lenyewe, kijani ndo kibebe maandishi meupe na chungwa lipewe kazi nyingine. Vikokotoo vya kupima hivi viko vingi mtandaoni, unaingiza namba mbili unapata jibu, pima kabla hujapaka.

Gawa kazi za rangi kabla ya kugusa faili

Hiki ndicho kipande ninachokiona muhimu kuliko vyote. Chungwa kwa mtu yeyote lina maana ya "angalia, tahadhari". Sasa kama chungwa ni rangi ya duka na umelipaka kwenye kichwa, kwenye mpaka wa jedwali na kwenye mstari wa jumla, halafu unalitumia tena kuonyesha bidhaa inayokaribia kuisha, jicho haliwezi kutofautisha pambo na onyo. Rangi moja iwe na kazi moja.

Tulikaa naye tukagawa hivi. Kijani ni cha nyumba: jina la duka, kichwa cha jedwali, mstari wa jumla. Chungwa ni la kuagiza tu, halionekani mahali pengine popote kwenye shiti. Bidhaa iliyopo ya kutosha haina rangi yoyote, inabaki nyeupe, na hapa mama mdogo alibisha kidogo kwa sababu alizoea kuona kijani kwa vitu vizima. Lakini duka linaloendeshwa vizuri lina bidhaa nyingi zilizopo na chache zilizoisha, ukizipaka zote za kwanza kijani umepaka shiti zima na zile tatu zinazohitaji kuonekana zimefunikwa. Bidhaa iliyoisha kabisa ni nyekundu. Nyekundu siyo rangi ya duka lake, najua, ila usiiondoe kwa ajili ya kulinganisha na bango, badala yake chagua nyekundu inayokaa vizuri na rangi zako. Kwa kijani kizito kama kile, nyekundu ya tofali `9B1C1C` inakaa nacho bila kugombana, wakati ile nyekundu ya kupiga kelele ingefanya kijani kionekane kichafu.

Kwa ajili ya kuagiza sikutumia chungwa lenyewe, nililififisha hadi `FCE6D0` kwa usuli, yaani rangi ya nyuma ya maandishi, na maandishi ya kahawia `7A3E00`, uwiano wake unakaribia 7. Bado unaliona ni chungwa la duka, ila linasomeka. Na nyekundu sikuififisha kwa sababu pinki hafifu na chungwa hafifu zikikaa mstari kwa mstari zinafanana mno, hasa kwenye skrini ya bei nafuu. Kwa hiyo moja ni hafifu yenye maandishi meusimeusi, nyingine ni nzito yenye maandishi meupe, na tofauti hiyo unaiona hata ukiwa mbali na kaunta.

Safisha rangi za zamani

Faili la mama mdogo lilianzia kwenye Excel, lilikuwa `.xlsx`. Ukifungua faili la namna hiyo kwenye Calc halafu ukabonyeza `F11` kuona orodha ya staili upande wa kulia, utakuta vitu kama `ConditionalStyle_1`, `ConditionalStyle_2` na kuendelea. Hizo Calc imezitengeneza yenyewe kutokana na rangi za masharti zilizokuwemo. Usihangaike kuzirekebisha moja moja. Kwanza hifadhi nakala kwa `File > Save As` ukichagua `.ods`, na kazi zote zifanyie humo.

Kisha nenda `Format > Conditional > Manage...`. Kwa kawaida unategemea kukuta masharti mawili matatu. Sisi tulikuta orodha ndefu, vipande vya maeneo ya seli kama `C17:C17`, `C22:C24`, sharti lilelile limejirudia. Hii inatokana na kunakili na kubandika mistari, kila ukibandika seli yenye sharti unabandika na sharti lake, polepole linakatikakatika. Futa yote kwa `Remove`. Utaandika upya, dakika tano tu.

Halafu kuna rangi zilizopakwa kwa mkono, yaani mtu alichagua seli akabonyeza kindoo cha rangi. Hizo zina nguvu kuliko staili utakayoivalisha, kwa hiyo ukivalisha kichwa staili mpya na kikabaki bluu, sababu ni hiyo. Dawa yake ni kuchagua seli na kubonyeza `Ctrl+M`. Ila simama kidogo hapa. `Ctrl+M` inaondoa kila kitu kilichowekwa kwa mkono, na fomati ya namba ni mojawapo. Nilichagua shiti zima nikabonyeza, safu ya tarehe ikageuka namba, tarehe 1 Januari 2025 ikasomeka 45658. Data haijapotea, Calc inahesabu tarehe kama idadi ya siku, na hiyo ndo namba yake halisi, ila mwenye duka akiona hivyo anashtuka. Kama imekutokea bonyeza `Ctrl+Z`. Njia nzuri ni kutengeneza kwanza staili zenye fomati ya namba ndani yake, halafu ndo unasafisha safu na kuvalisha, ndivyo tunavyofanya sasa.

Tengeneza staili za duka

Jedwali letu liko hivi: mstari wa 4 ni kichwa, bidhaa zinaanza mstari wa 5. Safu A ni bidhaa, B bei, C iliyopo, D kiwango cha kuagiza, E hali, F tarehe ya mzigo wa mwisho.

Anza kwa kuhifadhi rangi zako ili usiandike namba kila mara. Kwenye orodha ya staili (`F11`) bonyeza kulia juu ya `Default`, chagua `New...`, nenda kichupo cha `Background`, bonyeza `Color`, kwenye kisanduku cha `Hex` andika `1F5C4A`, kisha bonyeza `Add` uipe jina, mfano "Kijani duka". Itakaa kwenye paleti ya `custom` na utaikuta hata ukichagua rangi ya maandishi. Fanya hivyo kwa zote. Kumbuka tu kwamba paleti ni kama kopo la rangi, ukishapaka ukuta, kubadilisha kopo hakubadilishi ukuta. Staili inahifadhi namba yake yenyewe.

Majina ya staili yaanze na neno moja ili yakae pamoja kwenye orodha. Sisi tulitumia "Duka".

`Duka Kichwa`: usuli kijani, maandishi meupe yaliyokolezwa. Rangi ya maandishi iko kichupo cha `Font Effects`, kukoleza ni kichupo cha `Font`.

`Duka Jumla`: hii itokane na `Duka Kichwa`, yaani ukiwa kwenye kichupo cha kwanza weka `Inherit from` iwe `Duka Kichwa`, kisha ongeza fomati ya namba tu. Usiiwekee usuli. Kwa kuwa haina usuli wake inachukua wa mzazi, siku ukibadilisha kijani unabadilisha sehemu moja na hii inafuata.

`Duka Bei`: haina rangi yoyote, ina fomati ya namba. Kichupo cha `Numbers`, kwenye `Format code` andika hivi:

```
#,##0"/="
```

Hapo ukiandika 18000 inasomeka 18,000/= kama mama mdogo anavyoandika kwenye kibandiko cha bei, na bado ni namba, inajumlishika. Watu wengi wanaandika ile /= kwa mkono ndani ya seli, ikishakuwa hivyo Calc inaiona ni maneno na hesabu zote zinakufa. Tumia fomati hiyohiyo kwenye `Duka Jumla`.

`Duka Tarehe`: fomati ya `DD/MM/YYYY`, basi.

Sasa zile za tahadhari. `Duka Agiza` ni usuli `FCE6D0` na maandishi `7A3E00`. `Duka Imeisha` ni usuli `9B1C1C`, maandishi meupe, yakolezwe. `Duka Angalia` ni usuli wa kijivu hafifu `E6E6E6` na maandishi meusi yaliyokolezwa, kazi yake nitaisema sasa hivi. Hizi tatu zitengeneze kwa `New...` kutoka `Default`, usizitengeneze kwa kuchagua seli iliyopambwa tayari na kubonyeza `New Style from Selection`. Ukifanya hivyo staili inabeba na fomati ya namba ya ile seli, halafu sharti likiivalisha kwenye mstari mzima bei inapoteza /= yake au tarehe inageuka 45658 tena, na utatafuta kosa kwenye tarehe wakati kosa liko kwenye rangi. Staili ya tahadhari iwe na usuli, rangi ya maandishi na ukolezo tu, vingine usiguse.

Ukimaliza, valisha: chagua mstari wa kichwa, bonyeza `Ctrl+M`, bonyeza mara mbili `Duka Kichwa`. Chagua B5 mpaka B200, `Ctrl+M`, `Duka Bei`. F vilevile na `Duka Tarehe`, na mstari wa jumla na `Duka Jumla`. Safu zilizobaki zisafishe tu kwa `Ctrl+M`, zibaki na `Default`.

Neno kwanza, rangi ifuate

Kawaida watu wanaandika sharti la rangi moja kwa moja juu ya namba, mfano iliyopo ikiwa sifuri paka nyekundu. Inafanya kazi mpaka unapokuta mistari mia ya chini ambayo haina bidhaa yote imekuwa myekundu, kwa sababu seli tupu Calc inaihesabu kama sifuri. Pia mama mdogo anaprinti hii orodha kwenye mashine ya wino mweusi pekee ampelekee anayemletea mzigo, na kwenye karatasi kijani kile na nyekundu ile zote zinatoka kijivu kizito. Na kuna watu, wanaume hasa, ambao macho yao hayatofautishi kijani na nyekundu. Kwa sababu hizo tatu safu ya E inaandika hali kwa neno, na rangi inalisikiliza lile neno.

Kwenye E5 andika:

```
=IF(C5="","",IF(ISTEXT(C5),"ANGALIA",
IF(C5<=0,"IMEISHA",IF(C5<=D5,"AGIZA","IPO"))))
```

Iandike kwa mstari mmoja, hapa nimeikata ili isomeke. Kama Calc yako inakataa mikato, imewekwa kutumia nukta-mkato kati ya vipande, badilisha tu. Kisha buruta mpaka E200.

Ile "ANGALIA" imetokana na jambo lililotupata kweli. Kijana wa dukani alikuwa anaandika "3 pc" kwenye iliyopo, kwa nia njema kabisa. Calc ikilinganisha maneno na namba inayaona maneno ni makubwa kuliko namba yoyote, kwa hiyo "3 pc" ikawa kubwa kuliko kiwango cha kuagiza cha 10 na mazulia yakasomeka IPO wakati yamebaki matatu. Hakukuwa na kosa lolote la kuonekana. Sasa likiingia neno pale, mstari unakuwa kijivu na unasema ANGALIA.

Njia nyingine ya kuwakamata hao ni `Ctrl+F8`, inapaka namba bluu na maneno meusi na fomula kijani, kwa muda tu. Ukimaliza kuangalia bonyeza tena uizime, kwa sababu ikiwa imewashwa inafunika rangi zako za maandishi na utadhani staili zimeharibika.

Sasa masharti. Chagua A5 mpaka F200 ukianzia A5, nenda `Format > Conditional > Condition...`. Badilisha `Cell value` iwe `Formula is`, andika:

```
$E5="IMEISHA"
```

kwenye `Apply Style` chagua `Duka Imeisha`. Bonyeza `Add`, ya pili iwe `$E5="AGIZA"` na `Duka Agiza`, ya tatu `$E5="ANGALIA"` na `Duka Angalia`. IPO haina sharti.

Ile alama ya dola kabla ya E usiisahau. Inasema safu ibaki E hata seli inayopakwa ikiwa A au F. Bila hiyo utaona kitu cha ajabu, seli ya A tu ndo ina rangi au hakuna kabisa, kwa sababu kila seli inayofuata inaangalia safu nyingine iliyo kulia zaidi. Na namba 5 haina dola kwa makusudi, ili kila mstari ujiangalie wenyewe. Kama rangi zimekaa lakini mstari mmoja juu au chini ya pale zinapotakiwa, basi namba kwenye fomula haikulingana na mstari wa kwanza wa eneo ulilochagua, rudi `Manage...` urekebishe.

Calc inasoma masharti kutoka juu na inasimama kwenye la kwanza lililotimia. Hapa halina madhara kwa sababu neno ni moja tu kwa mstari, ila ukija kuandika masharti ya namba, lile kali zaidi liwe juu. Ukiweka "chini ya 10" juu ya "sifuri", sifuri haitakuwa nyekundu maisha, maana sifuri nayo iko chini ya 10.

Jaribu kwa mfano

Tulijaribu na bidhaa nne. Kikapu kikubwa, bei 18000, iliyopo 14, kiwango 6: mweupe, IPO. Mkoba, iliyopo 6, kiwango 6: chungwa hafifu, AGIZA, na hapa ujue kwamba alama ya `<=` ndo inafanya ukifika kwenye kiwango chenyewe uambiwe uagize, siyo mpaka ushuke chini yake. Kamba, iliyopo 0: nyekundu nzima, IMEISHA. Zulia la mlangoni, "3 pc": kijivu, ANGALIA. Ukifuta ile "pc" ikabaki 3, kiwango 10, inageuka chungwa palepale.

Kisha lile jaribio lenyewe: bonyeza kulia `Duka Agiza` kwenye orodha, `Edit Style...` (kwenye matoleo ya zamani utaona `Modify...`), weka usuli wa rangi yoyote ya kichekesho, zambarau mfano, `OK`. Mistari yote ya AGIZA ikigeuka zambarau kwa pamoja, umejenga vizuri. Ukiona mmoja umebaki, huo una sharti la zamani lililojificha, rudi `Manage...`. Halafu `Ctrl+Z`.

Printi ukurasa mmoja kwa wino mweusi pia. Usiangalie uzuri, angalia kama maneno IMEISHA na AGIZA yanasomeka kwenye karatasi. Kwetu nyekundu nzito ilikula wino, kwa hiyo kwa ajili ya karatasi tu mama mdogo anachuja safu ya E abaki na AGIZA na IMEISHA, ukurasa unakuwa nusu.

Ili isiharibike tena

Kubandika ndo adui. Mkitoa data sehemu nyingine mkaileta humu, tumieni `Ctrl+Alt+Shift+V`, inabandika maandishi matupu bila rangi wala sharti. Nilimwandikia yule kijana kwenye karatasi nikaibandika pembeni ya skrini.

Staili zinaishi ndani ya faili moja. Faili jipya la mwezi ujao halitazijua. Kwa hiyo futa data, acha kichwa na fomula, nenda `File > Templates > Save as Template...`, ukitaka weka tiki kwenye `Set as default template` na kila shiti jipya litafunguka likiwa na rangi za duka.

Ukimtumia mhasibu wako anayetumia Excel, mpe nakala ya `.xlsx`, lakini lako la kazi libaki `.ods`. Rangi zitaonekana sawa kwake, ila ukilirudisha lile la `.xlsx` kwenye Calc kiungo cha sharti na staili kimekatika, unakuta `ConditionalStyle_1` zimerudi na `Duka Agiza` haiendeshi kitu.

Kwa wanaotumia Excel yenyewe: sharti kule lina rangi zake binafsi, haliangalii `Cell Styles`. Ile chaguo ya haraka ya `Light Red Fill with Dark Red Text` ni rangi za kudumu, usuli `FFC7CE` na maandishi `9C0006`, ukibadilisha chochote kwingine yenyewe haisogei. Njia ya kule ni kuingia `Page Layout > Colors > Customize Colors...`, kuweka rangi zako kwenye zile nafasi za `Accent`, halafu ndani ya kila sharti uchague `Custom Format...` na kuchukua rangi kutoka safu ya `Theme Colors` tu. Ukichukua kutoka `Standard Colors` au ukaandika namba kwa `More Colors...`, sharti hilo halitafuata siku ukibadilisha.

Na kwenye Calc pia vipo visivyofuata staili. `Data Bar` na `Color Scale` rangi zake zinachaguliwa ndani ya dirisha lao, na chati zina zake. Mama mdogo alikuwa na chati moja ya mauzo ya wiki, hiyo nilibofya nguzo zake na kuchagua "Kijani duka" kutoka paleti ya `custom` kwa mkono, na nimemwandikia kwenye shiti ya pili, chini ya orodha ya namba zake za rangi, kwamba siku bango likipakwa upya kijani kingine, `Duka Kichwa` ibadilishwe kwanza, halafu hiyo chati.